Fremu ya kituoni au ya karibu na shule?

Anayefungua duka kwa mara ya kwanza Dar es Salaam huoneshwa na dalali fremu mbili: moja kwenye kituo cha daladala, kodi shilingi 180,000 kwa mwezi, nyingine mbele ya shule ya msingi, 90,000. Wengi hukimbilia ya pili kwa kuwa ni nusu ya bei. Kabla ya kulipa, igawe kodi kwa siku ambazo wateja watakuwepo kweli.

Tuseme katika kila shilingi 100 ya mauzo unabaki na 15 baada ya kutoa bei ya jumla. Kituoni, ukifungua siku 360 kwa mwaka, unahitaji kuuza 40,000 kwa siku ili ulipe kodi tu. Shuleni, siku za masomo hazifiki 200: toa Jumamosi na Jumapili, likizo ndefu za Juni na Desemba, na zile fupi za katikati ya mihula. Ukitegemea wanafunzi peke yao, kila siku ya masomo lazima uuze kama 36,000. Nafuu yote ya kodi imebaki 4,000. Tena hizo 36,000 zinatoka kwenye sarafu za mia mbili na mia tano, nyingi wakati wa mapumziko, watoto wamejazana dirishani kwa dakika chache na wewe uko peke yako. Uongozi wa shule ukizuia watoto kutoka nje, biashara imekwisha.

Hata hivyo, si kila upande wa kituo unafaa. Asubuhi mtu anawahi gari; akinunua sana ni maji au vocha. Jioni anashuka akiwaza chakula cha nyumbani, na hapo ndipo mkate, unga, sukari na mafuta ya kupima hutoka. Kwa hiyo tafuta upande wanaoshukia jioni. Kaa hapo kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, siku ya kazi na Jumamosi, uhesabu wanaosimama kununua kwenye maduka ya jirani. Wanaopita tu usiwahesabu.

Hatari kubwa ya kituoni ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeiweka mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Fremu iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kuwekewa alama ya X na kubomolewa, nawe umeshalipa kodi ya miezi sita. Pima kwa hatua, kisha uulize serikali ya mtaa.

Kwa mgeni wa biashara, mimi ningechagua kituo, upande wa jioni, nje ya hifadhi. Ya shuleni ichukue tu kama nyumba zinazoizunguka zinaweza kuilipa kodi hiyo mwezi mzima wa Desemba.