Tathmini ya Hatari ya Saikosisi kwa Vijana Bila Kuharakisha Kutaja Ugonjwa: Mfano wa Babati Mjini

Makala haya yanafafanua namna kliniki ya afya ya akili katika mji wa Babati, mkoani Manyara, inavyoweza kumtambua kijana aliye katika hatari kubwa ya kupata saikosisi na kumfuatilia bila kumwita mgonjwa wa saikosisi. Msingi wake ni hoja moja: hatari ni kipimo cha muda, ilhali jina la ugonjwa likishaandikwa hudumu.

Vigezo vya hali hiyo vilianza kutumika kliniki huko Melbourne, Australia, katika miaka ya 1990, kwa kazi ya Alison Yung na Patrick McGorry. Usaili ulioandaliwa baadaye katika Chuo Kikuu cha Yale hupima dalili tano: mawazo yasiyo ya kawaida, shuku, kujikweza, hitilafu za hisi na mazungumzo yasiyoshikamana. Kila dalili hupewa alama 0 hadi 6. Alama 3 hadi 5 huashiria hatari iwapo dalili imeanza au kuzidi ndani ya miezi 12, na imetokea kwa wastani wa mara moja kwa wiki katika mwezi uliopita. Alama 6 ni kiwango cha saikosisi, ambapo mhusika ameshawishika kabisa. Njia nyingine mbili za kuingia katika kundi hili ni saikosisi ya muda mfupi sana iliyokoma, na kushuka kwa utendaji kwa mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa damu ana saikosisi.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa mwanafunzi wa kidato cha tano mwenye umri wa miaka 18, aliyeletwa na shangazi yake. Kwa miezi mitatu amesikia akiitwa jina mara mbili kwa wiki pasipo mtu, na huhisi kuwa wenzake bwenini wanamsema. Akiulizwa, hujibu kwamba labda ni mawazo yake tu. Shaka hiyo ndiyo inayoamua alama: hitilafu ya hisi hupewa 3 na shuku 4. Anakidhi vigezo, lakini hana saikosisi.

Kabla ya kuhitimisha hivyo, maelezo mengine huchunguzwa. Tafiti za Haydom, wilayani Mbulu, zimeonyesha kuwapo kwa kifafa kitokanacho na lava wa tegu wa nguruwe walioingia ubongoni. Kwa hiyo mtathmini huuliza kama sauti huambatana na kuduwaa, harufu isiyo na chanzo, au kutokumbuka kilichotokea. Matumizi ya bangi na mirungi huulizwa pia, na vipimo vya VVU na kaswende hufanywa. Aidha, iwapo sauti ni ya marehemu mzazi wakati wa msiba, na familia huiona kuwa jambo la kawaida, haipewi alama ya juu.

Hatari ya kutaja ugonjwa mapema hutokea wakati wa kuandika. Rejesta ya wagonjwa wa nje ya MTUHA ina safu ya utambuzi wa ugonjwa, na neno «saikosisi» likiingia humo huweza kumfuata kijana hadi shuleni na nyumbani. Kinachopaswa kuandikwa ni tatizo lililothibitishwa, kama vile wasiwasi au kukosa usingizi, huku alama za usaili zikihifadhiwa katika faili la siri. Kijana na shangazi yake huelezwa kwamba kuna dalili zinazohitaji kuangaliwa, na kwamba wengi wenye dalili hizo hawafikii saikosisi. Kauli hiyo ni ya kweli: uchambuzi wa pamoja wa tafiti umeonyesha kuwa takribani robo ya wanaokidhi vigezo hupata saikosisi ndani ya miaka 3. Tena hao ni watu waliotafuta msaada wenyewe au kupewa rufaa. Usaili huohuo ukifanywa kwa shule nzima, uwiano huo utashuka na wengi watatiwa hofu bure.

Ufuatiliaji unaopendekezwa ni wa kila mwezi kwa miezi sita, kisha kila miezi mitatu hadi utimie mwaka wa pili. Katika kila hudhurio hupimwa alama, usingizi na mahudhurio ya shule. Huduma huanza na ushauri wa kisaikolojia na msaada kwa familia. Dawa za saikosisi si hatua ya kwanza. Alama zikishuka chini ya 3, faili huandikwa hivyo waziwazi, ili hatari iliyopita isisomwe kama ugonjwa uliopo.

Hata hivyo, tahadhari hii isigeuke ucheleweshaji. Shaka ya kijana ikitoweka, na dalili ikachukua walau saa moja kwa siku, siku nne kwa wiki, kwa mwezi mzima, kizingiti kimevukwa. Ikiwa kuna hatari kwa maisha au mwenendo umevurugika vibaya, muda huo hausubiriwi: matibabu huanza mara moja, na rufaa huandaliwa inapohitajika. Hapo ndipo jina la ugonjwa huandikwa, kwa kuwa sasa linamfungulia kijana tiba.