Gemu ya Kibandani Isiyouzwa Tena Dukani

Aliyekulia mjini miaka ya 2000 anakijua kibanda kile: televisheni yenye kisogo kinene, mashine ya PS2, benchi moja, na watoto wanaosubiri zamu huku sarafu zikiwatoka jasho viganjani. Mpira ukishachosha, wakubwa waliweka Grand Theft Auto: San Andreas, na sisi wadogo tukajazana nyuma yao kumtazama CJ akizunguka mitaani. Sidii nyingi za vibandani zilikuwa za kunakili, na hakuna aliyehoji.

Leo yule mtoto wa benchini ana mshahara wake. Anataka kuinunua gemu ileile, safari hii kwa njia halali. Anafungua duka la mtandaoni kwenye mashine yake mpya, anaandika jina, na gemu inatokea. Akiicheza kidogo anashangaa: sura ya CJ si ile, redio ya gari imepungukiwa nyimbo, hata anga halimkumbushi kitu. Alichonunua ni rimasta, yaani gemu ya zamani iliyotengenezwa upya sura yake. Ile ya 2004 iliondolewa kwenye maduka hayo Oktoba 2021, mwezi mmoja kabla hii mpya haijatoka.

Yaliyompata ni ya kawaida. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilichapisha utafiti kuhusu gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010. Katika kila 100, 87 hazikuwa zikiuzwa tena na wenye haki nazo. Mtu anayezitaka hubaki na sidii za mtumba na mashine chakavu, au anaingia kwenye nakala zisizo halali.

Sababu ya kwanza ni mashine zenyewe. Wimbo wa zamani unaweza kuuhamisha kutoka kaseti hadi simu na ukabaki wimbo uleule. Gemu ni maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya chipu fulani. San Andreas iliandikwa ienee katika PS2, mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, na sidii yake ukiiingiza kwenye PS5 haichezi. Ili gemu ihame, lazima mtu aiandike upya, au atengeneze programu inayoigiza mashine ya zamani ndani ya mpya. Kazi hiyo ina gharama, na kampuni huifanya pale tu inapoamini mauzo yatairudisha.

Gemu zilizouzwa kwa kupakuliwa mtandaoni nazo hufa duka linapofungwa. Nintendo ilisitisha mauzo ya duka la 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, na Microsoft ikafunga duka la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Gemu ambayo ilikuwa humo tu, haikuwahi kuwa na sidii wala kuhamia mashine nyingine, siku hiyo ilikosa mahali pa kununuliwa.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, nayo ni ruhusa. Gemu kubwa hujaa vitu vya watu wengine: nyimbo, magari, sura za waigizaji, mashujaa wa filamu. Mtengenezaji huwa hajavinunua vitu hivyo. Amevikodi, na mkataba una mwisho. Vice City, iliyotoka 2002, ilikuwa na wimbo Billie Jean wa Michael Jackson kwenye redio zake. Katika toleo la 2021 wimbo huo haumo. Kwa kampuni, kuukata wimbo ni rahisi kuliko kurudi mezani na kila mwenye haki, wakiwamo warithi wa waliokwisha kufariki.

Wimbo unaweza kukatwa, lakini mhusika mkuu hakatiki. Marvel vs. Capcom 2, gemu ya kupigana ya mwaka 2000, ina wapiganaji wa Capcom upande mmoja na mashujaa wa Marvel upande wa pili. Ukiwatoa wa Marvel hakuna gemu tena. Ruhusa ilipokwisha, Desemba 2013, gemu nzima iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, na bei ya sidii zilizotumika ikapanda. Ilirudi Septemba 2024, baada ya pande mbili kuafikiana upya.

Jinsi ilivyorudi ndiyo inayoonyesha tofauti iliyopo kati ya mkusanyiko na rimasta. Capcom iliiweka pamoja na gemu nyingine sita za Marvel za miaka ya 1990 katika kifurushi kimoja. Zinazochezwa humo ni gemu za kwenye mashine za kumbi za michezo, zikiendeshwa na programu inayoigiza mashine hizo. Pigo lililokuwa na nguvu mwaka 2000 bado lina nguvu ileile, na kasoro za zamani zimo. Kilichoongezwa kimewekwa pembeni: kucheza na wenzako mtandaoni, sehemu ya mazoezi, picha za kumbukumbu.

Rimasta huigusa gemu yenyewe, na hapo ndipo San Andreas iliumia. Kazi ilipewa studio ya Grove Street Games, iliyokuwa imeshughulikia matoleo ya simu. Mbaotangazo za mtaani zilitoka na maneno yaliyokosewa tahajia. Duka moja la donati ndani ya gemu lina nati kubwa juu ya paa, kwa kuwa jina la duka lenyewe ni mzaha wa nati. Katika rimasta nati ile ya pembe sita ililainishwa ikawa duara, na mzaha ukafa.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa ukungu. Gemu ya 2004 ilijaa ukungu kwa sababu PS2 haikuweza kuchora vitu vya mbali. Umaskini huo wa mashine ulileta faida: uliposafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine hukuona mwisho wa njia, ukaamini kweli uko ndani ya jimbo zima. Mashine za sasa hazihitaji ukungu, basi ukaondolewa. Ukipaa na ndege uliona miji yote mitatu kwa mpigo, imesogeleana kama vyumba vya nyumba moja, na nchi iliyotuonekania kubwa ikawa kijiwanja.

Malalamiko yalipozidi, Rockstar, wenye gemu, waliomba radhi mwezi uleule na wakarudisha matoleo ya zamani dukani kwao, ila kwa wenye kompyuta tu. Sasisho la Novemba 2024 liliongeza chaguo la kurudisha mwonekano wa anga la zamani. Hivyo rimasta ilichukua miaka mitatu kukaribia kitu kilichokuwa kikiuzwa kabla yake.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, soma maelezo ya bidhaa. Angalia kama yanataja toleo la asili na mashine lilikotoka, au yanasifia picha mpya na mwanga mpya tu. Tafuta kama kuna kitufe cha kurudi kwenye mwonekano wa zamani, na kama nyimbo zote zimo. Ukiona gemu uipendayo ina magari ya kweli, timu za kweli au mashujaa wa kukodi, ujue siku zake dukani zinahesabika.

Na mwenye sidii halisi ya PS2 kabatini asiiuze upesi. Ukungu uliomo ni ule wa mwaka 2004.