Boriti ya Vipande Viwili na Kiungo Kimoja Kinachogeuka

Chukua boriti ya zege inayopita mfululizo juu ya nguzo moja, ncha zake mbili zikiwa zimeshikwa imara na kuta nene. Kipande cha kushoto, AB, kina urefu wa mita 4. Cha kulia, BC, mita 6. Mzigo uko BC peke yake, kilonyutoni 20 kwa kila mita.

Kila moja ya sehemu A, B na C ingeweza kupanda au kushuka, na pia kugeuka. Hayo ni mambo sita yasiyojulikana, kwa hiyo matriki ya ukakamavu ina safu sita na nguzo sita za namba. Lakini kuta zinaizuia A na C kabisa, na nguzo inaizuia B isishuke. Tunafuta safu tano na nguzo tano za namba zinazohusu sehemu zilizozuiwa, na matriki yote inabaki namba moja: ukakamavu wa B dhidi ya kugeuka. Kila kipande kinachangia 4EI/L, ambapo EI hupima jinsi boriti inavyogoma kupinda na L ni urefu wake:

```
4EI/4 + 4EI/6 = 5EI/3
```

Sasa mzigo. Tujifanye kwanza kwamba B imefungwa isigeuke. Mzigo wa BC ungezaa momenti ya wL²/12, yaani 60 kNm, kwenye kila ncha yake. Tukihesabu kinyume cha saa kuwa chanya, B inapata +60 na C inapata −60. Tukiifungua B, tunaweka −60 upande wa pili:

```
(5EI/3)θ = −60
θ = −36/EI
```

Alama hasi inasema B inageuka kwa mwelekeo wa saa, na ndivyo inavyopaswa, maana BC inalemewa. EI ikiwa 36,000 kNm², mgeuko ni radiani 0.001: mwinamo wa milimita 1 kwa mita.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Kwa BA momenti ni (4EI/4)θ, yaani −36. Kwa BC, (4EI/6)θ inatoa −24, lakini ile 60 ya mwanzo lazima irudishwe: 60 − 24 = 36. Jumla kwenye B ni sifuri, kiungo kimetulia. Ukisahau kuirudisha utapata −36 na −24, jumla −60. Salio hilo lenyewe linakutajia ulichosahau.

Ncha za mbali hupokea nusu ya kile mgeuko ulichozaa kwenye B. A inapata −18, na C inapata −60 − 12 = −72.

Gawanya momenti za AB kwa urefu wake: (−18 − 36)/4 = −13.5. Ukuta wa A haubebi boriti. Unaivuta chini kwa kN 13.5. Hakikisha nondo za pale zimetiwa ukutani kwa kina cha kutosha.