Ukungu Kwenye Video ya Droni: Tiba Hufuata Umbali

Mwezi wa Julai, mashamba ya chai ya Mufindi mkoani Iringa hupambazukiwa na ukungu. Mpiga video anayetaka kuyaonyesha kutoka juu hurusha droni mapema, jua likiwa bado chini. Kwenye kioo kidogo cha rimoti picha humpendeza. Akiifungua nyumbani kwenye kompyuta, anakuta video ya kijivu. Kijani cha chai kimepauka, safu ya mikaratusi ni alama hafifu, na vilima vya nyuma vimemezwa.

Wengi hapo hukimbilia kitufe kilichoandikwa Contrast au Dehaze na kukisogeza hadi mwisho. Chai ya karibu inakuwa nyeusi tii, anga inajaa madoa, na vilima vinabaki pale pale vilipokuwa. Sababu ni kwamba ukungu si pazia lililoning'inizwa mbele ya kamera na kufunika vyote kwa kiasi kimoja. Umejaa katika hewa yote iliyo kati ya kamera na kitu kinachopigwa. Kilicho mbali kimefunikwa zaidi ya kilicho karibu, kwa hiyo nacho kinahitaji tiba kubwa zaidi.

Ukungu unaifanya nini picha

Matone madogo ya maji yaliyomo hewani hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, hutawanya mwanga unaotoka kwenye jani la chai kwenda kwenye kamera, hivyo sehemu yake hupotea njiani. Pili, hutawanya mwanga wa jua na wa anga na kuuelekeza kwenye lenzi. Mwanga huu wa pili haujawahi kugusa chai wala mti, lakini kamera inaurekodi kama sehemu ya picha. Mtaalamu wa hali ya hewa Mjerumani, Harald Koschmieder, alilieleza jambo hili mwaka 1924, na hesabu yake ndiyo bado msingi wa njia nyingi za kusafisha ukungu:

```
I = J × t + A × (1 − t)
```

I ni kile kamera ilichorekodi, na J ni rangi halisi ya kitu kama ukungu usingekuwepo. A ni mwanga wa ukungu wenyewe. Herufi t ni sehemu ya mwanga wa kitu iliyofika salama, na hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka.

Tuchukue asubuhi ambayo ukungu unaruhusu kuona hadi kilomita 1, kwa maana kwamba katika umbali huo ni asilimia 5 tu ya mwanga wa kitu inayofika. Katika mita 100 inafika asilimia 74, katika mita 300 asilimia 41, na katika mita 800 asilimia 9 peke yake.

Sasa tuweke thamani za pikseli, ambazo katika video ya kawaida huanzia 0 kwa nyeusi hadi 255 kwa nyeupe. Tuseme kivuli chini ya mche wa chai ni 20, jani lenye mwanga ni 110, na ukungu ni 200. Hewa ingekuwa safi, tofauti kati ya jani na kivuli ingekuwa 90. Katika mita 100 kivuli kinapanda hadi 67 na jani hadi 133, tofauti ikibaki 66. Katika mita 300 ni 126 na 163, tofauti ni 37. Katika mita 800 ni 184 na 192, na tofauti imebaki 8 tu. Kamera hairekodi mwanga kwa mstari ulionyooka hivi, lakini mwelekeo ni huohuo.

Tarakimu hizi zinaonyesha kwa nini kitufe kimoja hakitoshi. Chai ya mita 100 inahitaji kuvutwa kidogo tu ili irudi, lakini ile ya mita 800 inahitaji kuzidishwa mara 11. Kipimo kinachoifaa moja kitaiharibu nyingine.

Kusoma picha kabla ya kuigusa

Katika programu ya DaVinci Resolve, fungua grafu iitwayo Waveform. Inaonyesha mwanga wa picha kutoka chini, penye weusi, hadi juu, penye weupe. Video ya hewa safi huwa na alama zinazokaribia sakafu ya grafu. Video ya ukungu huelea juu ya sakafu, na sehemu za mbali huelea zaidi.

Kisha tazama grafu iitwayo Parade, inayotenganisha nyekundu, kijani na buluu. Matone ya ukungu ni makubwa kiasi cha kutawanya rangi zote karibu sawasawa, kwa hiyo sakafu za rangi hizo tatu hupanda pamoja na picha huwa ya kijivu. Ikiwa sakafu ya buluu imepanda kuliko nyingine, kuna chembe ndogo zaidi hewani, zile zinazovipa vilima vya mbali ubuluu. Hapo buluu ishushwe zaidi ya nyekundu, la sivyo vivuli vitabaki na rangi isiyo yao.

Hakikisha pia kwamba tatizo ni ukungu kweli. Droni ikitolewa ndani ya gari lenye kiyoyozi na kurushwa penye unyevu, lenzi inaweza kushika mvuke. Utautambua kwa sababu hata kitu cha mita 5 hupauka sawa na cha mita 500. Hesabu ya umbali haisaidii hapo. Dawa yake ni kusubiri lenzi ipate joto la hewa ya nje na kuifuta kabla ya kurusha.

Kusafisha kwa tabaka

Anza na chengachenga za picha, kwa kuwa kila utakachokivuta baadaye kitazivuta nazo. Zipunguze kwa kiasi, bila kulainisha majani.

Tabaka la pili ni picha nzima. Shusha weusi kwa gurudumu la Lift huku ukiitazama Waveform, na uache mara kivuli cha miche ya karibu kinapokaribia sakafu. Usiendelee kwa sababu tu vilima bado vimefifia, maana zamu yao haijafika.

Tabaka la tatu ni la umbali. Kamera ya droni inapotazama mbele kwa kuinama kidogo juu ya ardhi tambarare, kilicho juu zaidi ndani ya fremu kwa kawaida ndicho kilicho mbali zaidi. Kwa hiyo tumia Gradient katika Power Window, na uifanye tiba ikolee taratibu kutoka katikati ya fremu kwenda juu. Ndani ya eneo hilo tumia Curves: shusha sehemu ya chini ya mstari na uusimamishe zaidi pale penye thamani za mikaratusi. Ukingo wa dirisha uwe laini sana, mtazamaji asiuone. Droni ikiinua au kushusha kamera, weka Keyframe ili dirisha lifuate upeo wa macho.

Anga iachwe nje ya tiba. Haina kivuli cha kurejesha. Ukiivuta utapata madoa, na kingo za miti zitazungukwa na mstari mweupe. Mstari huo ni dalili kwamba programu imechanganya umbali wa mti na wa anga iliyo nyuma yake.

Rangi iwe ya mwisho. Kontrasti ikirudi, sehemu kubwa ya kijani hurudi nayo. Ukiongeza Saturation mapema, chai itaishia na kijani cha plastiki.

Pale kompyuta inapokisia

Vitufe vya kusafisha ukungu hukadiria t na A vyenyewe. Njia mojawapo maarufu ilitolewa mwaka 2009 na Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang. Waligundua kwamba katika picha za nje zisizo na ukungu, karibu kila kipande kidogo kisicho anga huwa na pikseli ambazo angalau rangi moja kati ya nyekundu, kijani na buluu iko chini sana. Kipande kikikosa weusi huo, weupe uliozidi huhesabiwa kuwa ukungu.

Kanuni hiyo inafaa kwenye chai na msitu, lakini hukosea kwenye vitu vilivyo vyeupe kwa asili. Bati jipya la kibanda cha kukusanyia majani huhesabiwa kuwa ukungu na kutiwa giza. Kwenye picha moja hilo ni doa tu, ila kwenye video ni balaa. Bati likiingia kwenye fremu, programu inayokadiria kila fremu peke yake hubadili hesabu yake, na picha nzima hupepesa. Kuthibitisha, chagua kipande cha barabara na ufuatilie mwanga wake kwenye Waveform video ikiendelea. Unapaswa kusogea taratibu. Ukiruka, makadirio ndiyo yanayorukaruka. Kama programu inaruhusu, funga thamani ya mwanga wa ukungu kwa kipande chote, au tumia marekebisho ya mkono yasiyobadilika.

Mahali pa kuishia

Turudi kwenye tofauti ya 8 katika mita 800. Video ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, hivyo jani na kivuli vya mbali vinagawana ngazi 8 tu. Ukizizidisha mara 11, nafasi kati ya ngazi inaonekana kama michirizi. Tena, kamera inapobana video hutupa kwanza tofauti ndogo kama hizi, ndiyo maana vilima vilivyovutwa kwa nguvu huota vibokisi. Video ya biti 10 ina ngazi 1,024, na sehemu ileile hupata ngazi kama 32. Kama droni yako inao uwezo huo, asubuhi ya ukungu ndiyo siku ya kuutumia. Funga pia White Balance na kiasi cha mwanga, kamera isivibadilishe yenyewe katikati ya safari. Epuka kuelekea jua, kwa kuwa matone hutupa mwanga mwingi zaidi mbele kuliko nyuma. Na ikiwezekana, sogea karibu: kutoka mita 300 hadi 100 kunarudisha kontrasti ambayo hakuna programu itakayoirudisha bila gharama. Ila ukungu ukiwa mzito hadi huioni droni, isirushwe.

He na wenzake waliacha kwa makusudi sehemu ndogo ya ukungu katika kazi yao. Waliondoa asilimia 95 ya makadirio yao, kwa sababu picha isiyo na ukungu hata kidogo huonekana si ya kweli na hupoteza hisia ya umbali. Kwa video ya Mufindi, kanuni ninayoifuata ni hii: chai ya karibu irudi kamili, mikaratusi ya mita 300 irudi hadi shina litofautiane na majani, na kila kilichofikisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga wake kiachwe ndani ya ukungu. Huko hakuna tena cha kurejesha, na kukilazimisha ni kumwonyesha mtazamaji makosa ya kamera kana kwamba ni vilima.