Namba ya Siri Imefungwa, Malipo Yanasubiri

Ukikosea namba ya siri ya pesa za simu, kwa kawaida mara tatu mfululizo, akaunti hujifunga. Wengi hapo huzima simu, huchomoa laini na kuirudisha, kisha hujaribu tena. Haisaidii kitu. Namba ya siri ya pesa haikaguliwi ndani ya laini bali kwenye mitambo ya kampuni, na huko ndiko kufuli lilikofungwa. Namba ya kuwashia laini ni jambo jingine: hiyo hufunguliwa kwa PUK, yenye tarakimu 8, na PUK haifungui akaunti ya pesa.

Kufuli hilo lina sababu. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu. Mwizi mwenye simu yako na usiku mzima mbele yake angeweza kuijaribu yote. Akizuiwa baada ya mara tatu, salio lako linabaki palepale.

Tuchukue mfano wa mama aliyempeleka mtoto hospitali ya serikali hapa Tanzania. Ameandikiwa kipimo na kupewa kontroli namba yenye tarakimu 12. Kwa wasiwasi anakosea namba ya siri, akaunti inafungwa, na foleni ya maabara inasonga. Hapa ana mambo mawili, nami ningemsihi ayatenganishe: bili ya sasa hivi, na akaunti iliyofungwa. Bili haimngoji yeye peke yake. Kontroli namba humtambulisha anayedaiwa, haijali pesa imetoka simu ya nani. Ndugu aliyeko Songea anaweza kutumiwa zile tarakimu 12 kwa ujumbe mfupi akalipa kwa simu yake, au mama mwenyewe akalipa taslimu kwa wakala wa benki. Umeme wa LUKU nao ni hivyohivyo: mwenye namba ya mita ndiye anayeweza kuununua.

Bili ikishalipwa, ndipo ashughulikie kufuli. Wakala wa mtaani hawezi kulifungua, hata awe jirani yake wa miaka mingi. Mama anapiga simu huduma kwa wateja akitumia laini ileile iliyofungwa. Baada ya salamu, maswali yanaanza: "Mama, naomba majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Namba ya NIDA? Tarehe ya kuzaliwa?" Kisha huja maswali ambayo mtu aliyeokota kitambulisho chake hawezi kuyajibu kirahisi: mara ya mwisho alimtumia nani pesa, kiasi gani, salio lake ni kama shilingi ngapi. Heri ajibu kwa makadirio ya kweli kuliko kubahatisha. Akipita, hupewa namba ya muda, ambayo anatakiwa kuibadilisha mara moja.

Mhudumu wa kweli haulizi namba ya siri yenyewe. Matapeli huvizia watu wenye haraka, na anayekupigia mwenyewe akisema "nikufungulie, nitajie namba yako" ni mwizi. Namba yake ripoti 15040.

Maswali yakimshinda, abebe kitambulisho aende duka la kampuni, akaweke kidole kwenye mashine. Alama hiyo hulinganishwa na ile iliyoko NIDA. Waashi na wavuvi hupata shida hapa, kwa kuwa saruji na kamba hula ngozi ya vidole; waombe kujaribu kidole kingine kabla ya kukata tamaa.

Pagumu hasa ni pengine. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, watu wengi wametumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine: cha kaka, cha mume, cha bosi wa zamani. Kwa kampuni, mwenye laini ni aliyeweka kidole. Mama anaweza kuitumia laini hiyo kwa miaka, pesa zote zikawa jasho lake, na bado akaambiwa amlete mwenyewe. Kaka akiwa machimboni Geita, au wakiwa hawasemezani, pesa hukaa hapohapo. Mimi naona hili linaumiza watu kuliko kufuli lenyewe, nalo huzuilika siku ambayo hakuna dharura: piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama unayoitumia haimo, nenda dukani na aliyeisajili, mwombe mhudumu aihamishie kwenye jina lako.

Ukichagua namba mpya, acha mwaka wa kuzaliwa. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, kwa hiyo kila mwenye kivuli cha kitambulisho chako anausoma mwaka huo, na mara tatu alizoruhusiwa zinamtosha.