Kompyuta Sita kwa Watoto Kumi na Wawili

Mwalimu akisimama mbele ya kamati ya shule kuomba fedha za klabu ya kubuni gemu, mjumbe mmoja hakosi kuuliza: si kompyuta za gemu ni ghali mno? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linaloamua kama ombi litapita. Za kuchezea gemu kubwa ni ghali kweli. Lakini gemu ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuianza na kuimaliza ni ndogo, na kuitengeneza hakuhitaji mashine yenye nguvu nyingi.

Kwa hiyo pendekezo lianze na programu, mashine zifuate. Klabu ya shule ya msingi inahitaji mbili tu. Ya kwanza ni Scratch, ambamo mtoto hupanga amri kwa kushikanisha vibao vya rangi. Ya pili ni Godot, ya wale walioizoea Scratch na wanataka kuandika amri kwa maneno. Zote ni za bure, na zikishawekwa hazidai intaneti. Mwalimu huzipakua mara moja penye mtandao, akazileta shuleni kwa fleshi.

Programu hizo zinakwenda vizuri kwenye kompyuta za mezani za mtumba zilizotoka maofisini, kama zenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne na RAM ya 8 GB. Mashine za umri huo haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu rasmi, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Suluhisho ni kuweka Linux Mint, ambayo nayo ni ya bure. Hapo yapo mambo mawili ya kujua mapema. Scratch haina toleo rasmi la Linux la kuweka kwenye kompyuta, basi itumike TurboWarp, inayofungua faili zilezile. Na mtoto anapoanza mradi ndani ya Godot achague `Compatibility`, la sivyo kompyuta ya zamani inaweza kusuasua au kukataa kabisa.

Sasa hesabu. Watoto kumi na wawili hawahitaji kompyuta kumi na mbili. Wakae wawiliwawili: mmoja anashika kibodi, mwenzake anafuatilia na kusahihisha, kisha baada ya dakika ishirini wanabadilishana. Tupange, kwa mfano tu, shilingi 320,000 kwa kila kompyuta pamoja na monita, kibodi na kipanya. Sita ni 1,920,000. Kila moja iwekewe diski mpya ya SSD, tuseme ya 60,000, jumla 360,000. Pesa hiyo isikatwe, maana diski ya zamani ndiyo inayofanya kompyuta ichukue dakika kadhaa kuwaka, nayo inaweza kufa na kazi za watoto. Stabilaiza na nyaya za umeme ziwe 250,000. Ukiongeza akiba ya asilimia 10, unafika 2,783,000. Bei za dukani ziulizwe upya kabla ya kikao.

Mjumbe mwingine ataulizia LUKU. Kompyuta ya aina hii na monita yake hula kama wati 80, basi sita ni wati 480. Klabu ikikutana saa mbili, mara mbili kwa wiki, ni karibu uniti mbili kwa wiki, au nane kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti mnayolipa.

Hatari kubwa iko dukani, kabla fedha haijatoka mfukoni. Mwalimu aende na fleshi yenye Linux Mint, awashe kompyuta kwa fleshi hiyo, kisha aandike:

```
free -h
```

Ataona RAM iliyomo kweli, si ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Aiache ikifanya kazi nusu saa. Ikijizima yenyewe, huenda inapata joto kwa vumbi au kisanduku chake cha umeme kimechoka. Saa ikirudi mwaka wa nyuma kila inapochomolewa, ni betri ndogo ya CR2032 tu, hiyo hubadilishwa. Lakini ikidai nywila anapojaribu kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, na muuzaji haijui, airudishe.

Mwisho, kamati isiombwe kununua zote siku moja. Inunuliwe kompyuta moja kwanza, watoto wawili waitumie wiki mbili hadi gemu moja ikamilike. Mwalimu ailete mashine hiyo kwenye kikao kinachofuata, wajumbe waicheze gemu hiyo wenyewe, ndipo aombe tano zilizobaki.