Namba Hii Imetoka Darasa Gani?

Mwaka 2009 John Hattie alichapisha Visible Learning, kitabu kilichosomwa sana na walimu na viongozi wa elimu. Alikusanya chambuzi zaidi ya 800 za tafiti, akayapanga mambo 138 yanayogusa ujifunzaji, na kila jambo akalipa namba moja ya athari. Kwake, kipimo cha kuanzia kulipa jambo uzito ni 0.40.

Mhakiki anayekiandikia kitabu hiki katika jarida la walimu hana haja ya kusimulia sura baada ya sura. Anachagua dai moja linalomgusa msomaji wake, analieleza kwa haki, kisha analifuata hadi lilikotoka.

Tuchukue dai la kupunguza idadi ya wanafunzi darasani, lililopewa 0.21. Kwanza mhakiki anaifafanua namba hiyo. Kama alama za mtihani kwa kawaida hutawanyika kiasi cha 10 juu na chini ya wastani, 0.40 ni sawa na kupanda alama 4, na 0.21 ni kama alama 2. Ofisa anayebana bajeti atasema basi, madarasa mapya si ya lazima.

Hapo ndipo mhakiki anauliza: ni madarasa gani yaliyopimwa? Hattie anazungumzia hasa kushuka kutoka wanafunzi 25 hadi 15. Hata ule utafiti maarufu wa STAR, ulioanza Tennessee mwaka 1985, ulilinganisha madarasa ya watoto 13 hadi 17 na yale ya 22 hadi 25. Mwalimu wa Tanzania mwenye watoto 90, wanne kwenye dawati moja, hayumo katika ulinganisho huo. Kwake 25 ndiyo ndoto. Kinachotokea wakishuka kutoka 90 hadi 45, namba ile haisemi.

Jambo la pili ni kukagua hesabu. Kitabu kilitoa pia asilimia za uwezekano, na baadhi zilikuwa chini ya sifuri, nyingine juu ya 100. Uwezekano hauwezi kuwa hivyo. Mwaka 2011 Arne Kåre Topphol wa Norwe aliieleza kasoro hiyo, na Hattie akakiri kosa. Asilimia hizo zilikuwa zimechapishwa waziwazi kwenye kitabu, na kuzigundua hakukuhitaji zaidi ya msomaji anayesoma majedwali kwa makini kama anavyosoma maelezo.

Kosa hilo haliziangushi zile namba za athari, kwa kuwa zilikokotolewa kwa njia nyingine, na mhakiki mwadilifu atalisema hilo pia. Hukumu yake basi inakuwa na mipaka: kitabu kinamfaa mwalimu anayetafuta mahali pa kuanzia kuchunguza ufundishaji wake, lakini hakiwezi kutumika kuhalalisha darasa la watoto 90.